Tautolojia inayonigomea: uthibitisho haupo, au mimi ndiye sijaufikia?

BintiTudor

Habari za jioni wanajamvi. Nimemaliza kozi ya kwanza ya mantiki muhula uliopita, na kuna zoezi la likizo limenigomea. Mfumo wenyewe ni mdogo, aksiomu mbili na kanuni moja:

```
K:   A → (B → A)
S:   (A → (B → C)) → ((A → B) → (A → C))
MP:  ukiwa na A na A → B, chukua B
```

Mahali pa A, B na C waweza kuweka fomula yoyote. Tumeambiwa tuichunguze fomula ya Peirce:

```
((p → q) → p) → p
```

Jedwali la ukweli nimelichora, mistari yote minne yatoa kweli, kwa hivyo ni tautolojia. Darasani tulisoma kuwa mfumo ukiwa kamili, kila tautolojia ina uthibitisho. Huu uthibitisho siupati. Kila nikianza najikuta nimerudi kwa ile ile (p → q) → p.

Nitajuaje kama uthibitisho upo ila sijaufikia, au haupo kabisa? Na kama haupo, ile habari ya usahihi na ukamilifu inasemaje hapa?

Kivukoni_Likoni

Binti, usahihi ni mambo mawili tu. Hitimisho lifuate kauli za kuanzia, na kauli zenyewe ziwe za kweli. Ukisema "samaki wote huishi baharini, sato ni samaki, basi sato huishi baharini", hoja inafuata lakini si sahihi, maana sato ni wa ziwani. Angalia kwanza kama K na S ni za kweli, jibu utalipata hapo.

Chuda_Makadara

Mbona swali hili lilishajibiwa zamani. Gödel alithibitisha mwaka 1931 kuwa hakuna mfumo ulio kamili. Daima kutakuwa na jambo la kweli lisilothibitika. Hiyo fomula yako ni mojawapo, basi. Andika hivyo upeleke.

Maalim_wa_Mvita

Binti, usipeleke hivyo.

Kivukoni ameeleza usahihi wa hoja moja. Binti anauliza usahihi wa mfumo mzima, yaani kwamba kila ambacho mfumo unaweza kukithibitisha, leo au kesho, kwa mistari kumi au elfu kumi, ni tautolojia. K na S hazisemi lolote kuhusu samaki wala bahari. Zinatakiwa zitoke kweli kwenye kila mstari wa jedwali, herufi zipewe thamani yoyote.

Chuda, mwaka umeupata, ila umechanganya theoremu mbili za mtu mmoja. Mwaka 1929, kwenye tasnifu yake pale Vienna, Gödel alithibitisha kuwa mantiki ya oda ya kwanza ni *kamili*: kila kinachofuata kimantiki kina uthibitisho. Ile ya 1931 ni habari ya nadharia za hesabu za namba asilia: kuna sentensi ambayo nadharia haiithibitishi wala haithibitishi kanusho lake. Neno ni lile lile lakini maswali ni mawili. La kwanza linauliza, je, yanayothibitika na yaliyo kweli kila mahali ni yale yale? La pili linauliza, je, nadharia hii inaamua kila sentensi? Kwenye mantiki ya kauli, herufi p peke yake haithibitiki, na ¬p haithibitiki, na bado mfumo ni kamili kwa maana ile ya kwanza, kwa sababu hakuna kati ya hizo mbili iliyo tautolojia. Kwa mantiki ya kauli ukamilifu ulishathibitishwa kabla ya Gödel: Bernays mwaka 1918, na Post akachapisha wake mwaka 1921.

Sasa nije kwa Binti. Umesoma kuwa "mfumo ukiwa kamili, kila tautolojia inathibitika". Ni kweli. Lakini nani amekwambia kuwa K na S pekee ni mfumo kamili? Huenda zoezi lataka ugundue hilo hilo. Mfumo uliothibitishiwa ukamilifu darasani bila shaka ulikuwa na aksiomu ya tatu, yenye kanusho. Ukimwondolea mfumo aksiomu moja, usahihi unabaki, kwa sababu sasa unathibitisha machache zaidi. Ukamilifu ndio ulio hatarini.

Njia ya kuonyesha kuwa kitu *hakithibitiki* inatoka kwenye usahihi wenyewe. Kumbuka usahihi unavyothibitishwa. Uthibitisho ni orodha ya mistari. Kila mstari ama ni aksiomu, ama umetoka kwa MP kwenye mistari miwili ya juu yake. Kwa hivyo mambo ya kukagua ni mawili tu: aksiomu ziwe na thamani ya juu daima, na MP ikipewa vitu viwili vyenye thamani ya juu itoe chenye thamani ya juu. Ukishayaona hayo unashuka mstari kwa mstari hadi wa mwisho, na hakuna mahali pa kuteleza.

Itazame tena hiyo hoja. Ni wapi imesema kuwa thamani lazima ziwe mbili? Hakuna. Waweza kutunga jedwali lako lenye thamani tatu, mradi K na S zipate ya juu kila mahali na MP isiishushe. Hapo kila kinachothibitika kwa K na S kitapata thamani ya juu kwenye jedwali lako. Fomula ya Peirce ikipata chini ya hapo kwenye mstari mmoja tu, basi haina uthibitisho.

KodiNyali

Mimi nilikuwa na jambo kama hili. Nina programu inayozalisha theoremu zote za K na S kwa mpangilio, mfupi kwanza. Niliiacha usiku kucha na ya Peirce haikutokea. Hiyo si dalili tosha?

Halafu nimejaribu jedwali la thamani tatu kama alivyosema Maalim. Thamani ni 0, 1 na 2, ya juu ni 2, na mshale ni huu:

```
a → b  =  ndogo kati ya 2 na (2 − a + b)
```

Nikaweka p = 1 na q = 0. p → q ni 1. (p → q) → p ni 1 → 1, yaani 2. Kisha 2 → 1 ni 1. Peirce imepata 1, haikufika 2. Imekwisha kazi.

Maalim_wa_Mvita

Haijaisha. Nianze na programu. Kutotokea usiku kucha hakusemi chochote, na sababu iko kwenye MP. Ili upate B unahitaji A na A → B, halafu A inapotea, kwenye B haionekani. Hiyo A ya katikati yaweza kuwa ndefu mara mia kuliko B. Kwa hivyo huwezi kusema "fomula yangu ina herufi tano, basi uthibitisho wake hauwezi kupita urefu fulani". Utafutaji wa namna hiyo ukipata, umepata. Usipopata, hujui kitu.

Na jedwali lako ni la Łukasiewicz. Ni jedwali zuri kwa kazi nyingine, lakini hukukagua aksiomu. Umeruka moja kwa moja kwenye Peirce. Chukua S, weka A = 1, B = 1, C = 0:

```
B → C               = 1
A → (B → C)         = 1 → 1 = 2
A → B               = 2
A → C               = 1
(A → B) → (A → C)   = 2 → 1 = 1
S nzima             = 2 → 1 = 1
```

S yenyewe imepata 1. Aksiomu ya mfumo imeanguka kwenye jedwali lako, kwa hivyo Peirce kupata 1 hapo hakutufundishi lolote kuhusu K na S. Mizani ya Kongowea ikiwa mbovu, kusoma kilo kwa makini hakusaidii. Na kosa hili lafichika, kwa sababu jibu la mwisho, kwamba Peirce haithibitiki, ni la kweli. Ni hoja ndiyo isiyosimama. Mwenye kusahihisha atakukata alama zote na atakuwa na haki.

Tumia huu badala yake. Thamani ni zile zile 0, 1, 2:

```
a → b  =  2   ikiwa a ≤ b
a → b  =  b   ikiwa a > b
```

Ukague hivi. MP: ikiwa a ni 2 na a → b ni 2, basi 2 ≤ b, kwa hivyo b ni 2. K: B → A ni ama 2 ama A yenyewe, na zote mbili hazipungui A, kwa hivyo A → (B → A) ni 2.

S ndiyo yenye kazi kidogo. Jiulize ni lini upande wa kulia, (A → B) → (A → C), ungekosa 2. Ni pale A → B inapozidi A → C. Hapo A → C haiwezi kuwa 2, basi A > C na thamani yake ni C. Kwa hivyo upande wa kulia una thamani C. Sasa twataka upande wa kushoto nao usizidi C. Tunajua A → B inazidi C. Ikiwa A ≤ B, basi B ≥ A > C. Ikiwa A > B, basi A → B ni B yenyewe, nayo inazidi C. Kwa vyovyote B > C, kwa hivyo B → C ni C, na A → (B → C) ni A → C, ambayo ni C. Kushoto C, kulia C, na C → C ni 2. S imepita.

Peirce sasa, p = 1, q = 0:

```
p → q                = 0
(p → q) → p          = 0 → 1 = 2
((p → q) → p) → p    = 2 → 1 = 1
```

Imepata 1. Kwa hivyo haina uthibitisho kutoka K na S kwa MP, uwe mrefu kiasi gani. Mfumo wako, Binti, ni sahihi kwa jedwali la kawaida na si kamili kwalo.

KodiNyali

Sawa, nimeielewa hoja ya kukagua aksiomu kwanza. Nimeiandika kwa wasiotaka kukagua mistari 27 ya S kwa mkono:

```python
def m(a, b):
    return 2 if a <= b else b

T = range(3)
K = all(m(a, m(b, a)) == 2 for a in T for b in T)
S = all(m(m(a, m(b, c)), m(m(a, b), m(a, c))) == 2
        for a in T for b in T for c in T)
P = [(p, q) for p in T for q in T
     if m(m(m(p, q), p), p) != 2]
print(K, S, P)
```

Inatoa `True True [(1, 0)]`. Yaani kati ya mistari tisa, Peirce inaanguka kwenye mmoja tu, ule ule wa Maalim. Ukibadilisha mstari wa `return` uwe `min(2, 2 - a + b)`, S inatoa `False`.

BintiTudor

Ahsante sana Maalim, na Kodi pia. Sasa nimeona kwa nini nilikuwa nazunguka.

Lakini hapo ndipo swali la pili. Sehemu ya (b) ya zoezi yasema tuongeze aksiomu ya tatu kisha tuthibitishe Peirce. Kwenye daftari langu aksiomu ya tatu nimeiandika hivi:

```
(A → B) → (¬B → ¬A)
```

Nimejaribu nayo na bado sifiki. Najua kinyume-geuzi ni sawa kwenda na kurudi, jedwali lasema hivyo. Kwa hivyo sioni tatizo liko wapi.

Bi_Ganjoni

Mwanangu, tatizo liko kwenye daftari. Umeiandika kichwa chini. Inayotakiwa ni hii, tuiite N:

```
N:  (¬B → ¬A) → (A → B)
```

Kanusho ziko kushoto, na unapovuka mshale mkuu zinaondoka. Yako inaziingiza. Wasema jedwali la kawaida haliwatofautishi, na ni kweli, zote mbili ni tautolojia. Ndiyo maana jedwali la kawaida haliwezi kukuonyesha kosa. Linapima ukweli, na wewe una shida ya nguvu ya aksiomu.

Chukua jedwali la Maalim, ongeza kanusho: ¬0 ni 2, ¬1 ni 0, ¬2 ni 0. Aksiomu yako inapita kila mahali. Iangalie: ¬B → ¬A inakosa 2 pale tu ¬B inapozidi ¬A, yaani B ni 0 na A si 0, na hapo thamani yake ni 0. Lakini hapo hapo A → B nayo ni 0, na 0 → 0 ni 2. Kwa hivyo K, S na aksiomu yako zote zina 2 daima, na Peirce bado ina 1 pale p = 1, q = 0. Ungekaa nayo hadi mwezi ujao usiipate.

Sasa jaribu N na A = 2, B = 1. ¬B ni 0, ¬A ni 0, basi ¬B → ¬A ni 2. A → B ni 1. Nzima ni 2 → 1, yaani 1. N inaanguka kwenye jedwali hili. Hiyo ndiyo habari njema, kwa sababu aksiomu yoyote itakayokusaidia kufikia Peirce *lazima* ianguke hapa. Isingeanguka, Peirce nayo isingeanguka.

Uthibitisho wenyewe ni mfupi. Kwanza, kutoka ¬p kufika p → q:

```
1. ¬p                        kauli ya kuanzia
2. ¬p → (¬q → ¬p)            K
3. ¬q → ¬p                   MP 1, 2
4. (¬q → ¬p) → (p → q)       N
5. p → q                     MP 3, 4
```

Kwa theoremu ya kuhamisha kauli ya kuanzia, ile ya kusema "kama ¬p inanifikisha p → q basi nina ¬p → (p → q)", unapata ¬p → (p → q) bila kuanzia popote. Theoremu hiyo yenyewe inahitaji K na S tu, ndiyo kazi yao kubwa.

Sasa chukua (p → q) → p kama kauli ya kuanzia. Una ¬p → (p → q), na una (p → q) → p. Ziunganishe: ¬p → p. Inabaki kutoka ¬p → p hadi p. Wengi hukwama hapa, kwa sababu macho yanaona jibu lakini mfumo hauna macho. Fanya hivi. Ile mistari mitano haikujali p na q ni nini, kwa hivyo mahali pa q weka ¬(¬p → p):

```
1. ¬p → p                              tuliyo nayo
2. ¬p → (p → ¬(¬p → p))                mistari mitano ya juu
3. (2) → ((¬p → p) → (¬p → ¬(¬p → p))) S
4. (¬p → p) → (¬p → ¬(¬p → p))         MP 2, 3
5. ¬p → ¬(¬p → p)                      MP 1, 4
6. (5) → ((¬p → p) → p)                N
7. (¬p → p) → p                        MP 5, 6
8. p                                   MP 1, 7
```

Mstari wa 1 umetumika mara mbili, kwenye 5 na kwenye 8, na hairuhusiwi kuufuta katikati. Hamisha kauli ya kuanzia, umepata ((p → q) → p) → p.

Chuda_Makadara

Nimefuata, na lile la 1929 na 1931 nimelielewa. Lakini bado kuna pengo. Mmeonyesha Peirce haikuthibitika, mkaongeza N, ikathibitika. Nani anajua kama hakuna tautolojia nyingine huko mbele inayokosa uthibitisho hata kwa K, S na N? Mtaongeza aksiomu ya nne, ya tano, hadi lini?

Bi_Ganjoni

Swali zuri, na ndilo theoremu ya ukamilifu inalojibu. Njia ninayoipenda ni ya Kalmár, ya mwaka 1935, kwa sababu inakupa uthibitisho mkononi, haikwambii tu kuwa upo.

Wazo ni kuufanya kila mstari wa jedwali uwe uthibitisho. Tuseme fomula ina herufi p na q, na uko kwenye mstari ambao p ni kweli na q ni uongo. Chukua p na ¬q kama kauli za kuanzia. Dai ni kwamba kutoka hapo mfumo unathibitisha fomula yoyote ya p na q iliyo kweli kwenye mstari huo, na unathibitisha kanusho la yoyote iliyo uongo. Unapanda kutoka sehemu ndogo kwenda kubwa. Kwa mshale unahitaji mambo matatu: kutoka B kufika A → B, kutoka ¬A kufika A → B, na kutoka A pamoja na ¬B kufika ¬(A → B). Kwa kanusho unahitaji moja, kutoka A kufika ¬¬A. La kwanza ni K. La pili ni ile mistari mitano. Mawili yaliyobaki yanatoka kwa N kwa kazi kidogo, Binti ajaribu.

Fomula ikiwa tautolojia, ina uthibitisho kutoka kila mstari. Kwa herufi mbili, mistari minne. Sasa zioanishe: kutoka p, q unafika F, na kutoka p, ¬q unafika F, basi kutoka p peke yake unafika F. Vivyo hivyo kutoka ¬p peke yake. Halafu unazioanisha hizo mbili, na F imebaki bila kauli yoyote ya kuanzia. Cha kuoanishia ni (A → F) → ((¬A → F) → F), nayo inathibitika kwa K, S na N. Kiini chake ni zile hatua nane za (¬p → p) → p.

Kwa hivyo Chuda, aksiomu ya nne haihitajiki kamwe. Tautolojia yoyote utakayoileta, nipe jedwali lake nikurudishie uthibitisho. Tatizo ni urefu tu: herufi kumi ni mistari 1,024 ya jedwali, na kila mstari una uthibitisho wake.

Na mtu akikuletea mfumo mpya wa mshale na kanusho, usianze upya. Kagua kama unathibitisha hayo manne na kile cha kuoanishia, na kama una theoremu ya kuhamisha. Ikiwa vyote vipo, mfumo ni kamili.

Maalim_wa_Mvita

Nakubaliana na yote, ila niongeze tahadhari. Kalmár anashughulikia fomula moja, yenye herufi zilizo na idadi. Ukiwa na kauli za kuanzia zisizo na mwisho, na F inafuata kutoka zote kwa pamoja, njia hii haifiki, kwa sababu hakuna jedwali la kulichora. Huko unahitaji kupanua kauli zako hadi kundi lisilojipinga ambalo haliwezi kuongezwa tena, kama Henkin alivyofanya mwaka 1949 kwa oda ya kwanza. Mimi ningemfundisha mwanafunzi hiyo mapema, ili oda ya kwanza isimshangaze.

Bi_Ganjoni

Maalim, kwa heshima, sikubaliani na mpangilio huo. Kundi lile halikupi uthibitisho wowote unaoweza kuuandika. Mwanafunzi anamaliza theoremu hajawahi kuona mstari mmoja wa jedwali ukigeuka kuwa mistari ya mfumo. Habari ya kauli zisizo na mwisho yaweza kuongezwa baadaye: onyesha kuwa F ikifuata kutoka zote, inafuata kutoka baadhi zenye idadi, kisha rudi kwa Kalmár.

Maalim_wa_Mvita

Na kuonyesha hilo, mara nyingi utajikuta unajenga kundi lile lile. Hapa tutaachana kwa amani.

BintiTudor

Nimeandika upya sehemu (b) na imetoka. Ahsante Bi Ganjoni, daftari nimelisahihisha.

Swali la mwisho. Lile jedwali la thamani tatu lilitoka wapi? Kama ningekuwa peke yangu ningelitafutaje?

Maalim_wa_Mvita

Hakuna kanuni moja. Huanza kwa thamani tatu, hutunga mshale, hukagua aksiomu na MP, na ikishindikana hupanda nne. Kodi anaweza kuipa kompyuta: thamani tatu zina mishale 19,683 tu, yaani 3 kwa kipeo cha 9. Nne ni 4 kwa kipeo cha 16, zaidi ya bilioni nne, hapo ujanja unahitajika.

Lakini ujue mpaka wake. Jedwali moja lenye thamani zenye idadi haliwezi kuikamata mantiki ya Heyting yote, ambayo K na S ndizo aksiomu za mshale wake. Gödel alionyesha hivyo mwaka 1932. Kwa hivyo fomula ikipita jedwali letu la tatu, usiseme "basi inathibitika kwa K na S". Kupita hakuthibitishi. Kuanguka ndiko kunakokataza.

KodiNyali

Je, nikiendesha programu mbili sambamba, moja inazalisha theoremu na nyingine inajaribu majedwali, moja wapo itasimama siku moja kwa kila fomula?

Maalim_wa_Mvita

Kwa K na S, ndiyo. Kila fomula ya mshale isiyothibitika hapo ina jedwali fulani lenye idadi linaloiangusha, ingawa laweza kuwa kubwa. Kwa mfumo wowote wa kauli utakaoletewa, hapana: Linial na Post walitangaza mwaka 1949 kuwa kuna mifumo ya mantiki ya kauli, yenye aksiomu zenye idadi, ambayo hakuna programu ya kuamua nini kinathibitika ndani yake. Huko programu zako mbili zaweza kukimbia pamoja bila mwisho.

Chuda_Makadara

Sasa hiyo mifumo ya Linial na Post, ni sahihi kwa jedwali la kawaida au la? Maana kama ni sahihi na kamili, jedwali lenyewe lingeamua.

Bi_Ganjoni

Hoja yako ni sawa: mfumo ulio sahihi na kamili kwa jedwali la kawaida, jedwali linauamulia. Kwa hivyo ile lazima ikose kimoja. Kipi kwa ipi, itabidi uzichukue aksiomu zake moja moja uzipitishe kwenye jedwali, kama tulivyofanya na S.